Mama anasahau: ni umri, au dimenshia inaanza?

Mtoto akianza kuingiwa na wasiwasi juu ya mzazi wake, mara nyingi huanza kuhesabu. Mama amepoteza miwani mara ngapi wiki hii? Baba amemwita mjukuu kwa jina la mtoto wake mara ngapi? Hesabu hiyo haimfikishi mbali. Mzee wa miaka 75 mwenye ubongo mzima anaweza kusahau mambo mengi kwa wiki moja, na mwenzake ambaye ugonjwa umeshaanza akasahau machache tu, lakini ya aina nyingine kabisa. Mambo mawili ndiyo yanayotenganisha: kwanza, kilichosahauliwa kinarudi akikumbushwa au hakirudi? Pili, zile kazi alizozimudu maisha yake yote bado anazimudu?

Dimenshia ni hali ambayo uwezo wa akili umeshuka hadi mtu anashindwa kuendesha maisha yake kama alivyozoea. Magonjwa yanayoileta ni zaidi ya moja, ila Alzaima ndiyo inayoongoza. Shirika la Afya Duniani linasema inahusika katika asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye dalili za Alzaima, na hizo nyingine nitazigusia tu.

Kinachorudi na kisichorudi

Ili jambo likumbukwe, ubongo unalipokea, unalihifadhi, kisha unalitoa linapohitajika. Umri unapokwenda, kinachopungua kasi hasa ni kule kutoa. Jina la jirani linakwama kwenye ulimi, mazungumzo yanaendelea, kisha saa moja baadaye, mzee akiwa anafanya jambo jingine kabisa, jina linakuja lenyewe. Lilikuwepo muda wote. Pia ni vigumu zaidi kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana mtu anaingia chumbani na kusimama katikati akijiuliza alifuata nini. Hayo ni ya umri, na hata vijana waliochoka huyapata.

Alzaima kwa kawaida huanzia kwingine. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, iliyo ndani upande wa masikio, ndiyo inayosaidia kuhifadhi mambo mapya, na ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema. Jambo la jana halikuhifadhiwa, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Hapo ndipo unapoiona tofauti bila kifaa chochote: mpe mzazi kidokezo. Ukimwambia, "Mama, si tulikwenda kumwona shangazi Jumapili?" mwenye usahaulifu wa umri atasema, "Eeh, kweli, na mvua ikatunyeshea." Anaongeza kitu ambacho hukukitaja. Mwenye shida ya kuhifadhi atakuangalia kana kwamba unamsimulia safari ya watu wengine, au ataitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu bila kuongeza lolote. Ile "ndiyo" tupu huwadanganya wengi.

Kwa sababu hiyo hiyo, swali linalorudiwa ndani ya mazungumzo yale yale lina uzito kuliko jina lililosahaulika. Mzazi anauliza, "Mdogo wako anakuja lini?" Unamjibu. Dakika kumi baadaye anauliza tena, kwa sauti ile ile na shauku ile ile, bila kujishuku kwamba pengine ameshauliza. Mtu aliyesahau kwa umri huwa na ile chembe ya shaka: "Nadhani uliniambia, hebu nikumbushe." Ukiikosa chembe hiyo, na ukaikosa mara nyingi, liandike.

Kuna kosa moja ambalo nimelisikia katika familia nyingi, nami ningependa kila mtoto alijue mapema. Watu husema, "Akili ya baba iko sawa, anakumbuka mpaka majina ya walimu wake wa shule ya msingi." Kumbukumbu za zamani zilishajikita sehemu nyingi za ubongo miaka mingi kabla ya ugonjwa, na Alzaima huzifikia baadaye. Mzee anayesimulia ujana wake bila kukosea, huku hakumbuki kama amekula mchana, hajatoa ushahidi wa uzima. Hiyo ndiyo sura yenyewe ya Alzaima inapoanza. Ukitaka kupima kumbukumbu ya mzazi wako, muulize ya juzi.

Mlinganishe na yeye mwenyewe

Kipimo cha pili ni kazi. Ugonjwa huu haumvui mtu uwezo wa kuoga na kuvaa mwanzoni. Hugusa kwanza kazi zenye hatua nyingi: pesa, dawa, safari, kupanga shughuli, kupika chakula chenye vitu vingi vinavyotakiwa kuiva pamoja. Hizi zinadai mtu ashike jambo moja kichwani huku akifanya jingine.

Lakini usimpime mzazi kwa kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Baba ambaye hajawahi kupika hawezi kuhukumiwa kwa sufuria iliyoungua, na mama ambaye siku zote alichanganyikiwa na simu mpya hajaonyesha lolote kwa kushindwa na simu mpya ya leo. Swali ni moja: je, hii ni tofauti na alivyokuwa miaka mitano iliyopita? Fundi aliyeweza kufungua na kufunga mashine akiwa amefumba macho, sasa anaacha kazi katikati na kusema vifaa vya siku hizi havifai. Hilo linasema mengi. Msomi au mtu aliyezoea kazi za akili anaweza kuficha upungufu kwa muda mrefu, kwa maneno mazuri, utani na majibu ya jumla, kwa hiyo kwake mabadiliko madogo kwenye kazi alizobobea yana maana kubwa.

Mwenzi wa ndoa naye huficha, mara nyingi bila kujua. Angalia mzazi anapoulizwa swali: je, anamgeukia mwenzake kabla ya kujibu? Madaktari huitazama sana ishara hiyo. Mke anajibu kwa niaba ya mume, anamtolea dawa, anamkumbusha miadi, anashika pesa, na kwa watoto wanaopiga simu mara moja kwa wiki kila kitu kinaonekana shwari. Mke akifariki, au akilazwa wiki mbili, mume anaonekana kuporomoka ghafla. Familia inasema huzuni imemharibu akili. Huzuni ipo, na inaumiza kweli, lakini mara nyingi ugonjwa ulikuwapo kwa miaka na aliyeondoka ndiye aliyekuwa akiuziba.

Vitu vilivyopotea navyo vina namna zake. Kila mtu hupoteza funguo, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua: nilitoka wapi, nilisimama wapi. Mwenye dimenshia hukosa uwezo wa kurudi nyuma, kwa sababu hizo hatua hazikuhifadhiwa. Kitu kinakutwa mahali pasipoeleweka, pochi ndani ya friji, na maelezo pekee anayoyapata akilini ni kwamba kimeibwa. Msaidizi wa nyumbani au mkwe anashutumiwa. Kabla hamjamfukuza mtu, pekueni kwanza makabati. Na mzazi hasemi uongo; ubongo wake umejaza pengo kwa kile kinachoingia akilini.

Si kila dimenshia huanza na kusahau. Mtu aliyekuwa mpole akiwa mkali au mchafu wa maneno, akipoteza aibu au huruma, hasa akiwa na umri wa miaka ya 50 au chini ya 65, anahitaji kuonwa hata kama kumbukumbu yake ni nzuri. Anayeona watoto au wanyama wasiokuwepo, ambaye siku moja yuko timamu na kesho amechanganyikiwa, na ambaye hupiga mateke na kelele usingizini kana kwamba anaigiza ndoto, huenda ana aina nyingine, iitwayo dimenshia ya Lewi. Mtaje daktari dalili hizo waziwazi, kwa sababu wagonjwa wa aina hiyo wanaweza kudhurika vibaya na baadhi ya dawa za kutuliza akili, haloperidoli ikiwemo.

Mfano: daftari la wiki nne

Nichukue mfano wa kubuni, lakini wenye mambo yanayoonekana mara kwa mara. Mama ana miaka 71, ni mjane, alifanya kazi ya uhasibu hadi alipostaafu. Ana kisukari na amemeza metformini kwa zaidi ya miaka 10. Binti yake, anayemtembelea mwisho wa wiki, ameanza kuogopa. Badala ya kubishana na kaka zake, anaandika kwa wiki nne kila analoliona, na tarehe, bila kutia maoni yake.

Daftari likifika mwisho lina mambo haya. Mama alisahau jina la jirani mpya, akalikumbuka jioni. Alitafuta miwani iliyokuwa kichwani, akacheka. Aliikosa siku ya kliniki, lakini alipoambiwa alisema, "Loo, ilikuwa Alhamisi, nilidhani leo Jumatano." Kwenye simu moja aliuliza mara tatu kaka anakuja lini. Bili ya umeme ililipwa mara mbili ndani ya mwezi ule ule, na ya maji haikulipwa kabisa. Alipoonyeshwa risiti hakukumbuka kwenda kulipa. Na binti alipohesabu vidonge vilivyobaki, akalinganisha na tarehe vilipochukuliwa, alikuta 11 zaidi ya vinavyotakiwa kubaki.

Mambo mawili ya kwanza yafute. La kliniki liache pembeni, kwa sababu lilirudi alipokumbushwa. Yaliyobaki ndiyo yenye uzito: swali lililorudiwa, bili, vidonge. Na la bili lina uzito zaidi ya yote, kwa kuwa huyu alikuwa mhasibu. Kwa mtu mwingine, aliyezoea kuchanganya risiti tangu ujana, lingekuwa jambo dogo.

Binti akatumia pia hojaji fupi ya maswali manane iitwayo AD8, iliyotungwa Marekani kwa ajili ya ndugu wa karibu. Inauliza kama katika miaka michache iliyopita kumekuwa na mabadiliko yanayotokana na kufikiri au kukumbuka: katika kuamua mambo kwa busara, kupenda shughuli alizozipenda, kurudia maswali au hadithi, kujifunza kutumia kifaa kipya, kujua mwezi au mwaka, kushughulikia mambo magumu ya pesa, kukumbuka miadi, na kama kuna shida ya kila siku ya kufikiri au kumbukumbu. Jibu la "ndiyo" linahesabiwa pale tu ambapo kuna mabadiliko. Kama siku zote alikuwa hivyo, ni "hapana". Mawili au zaidi yanatosha kumpeleka kwa daktari. Hayatoshi kuuita ugonjwa jina, na huyu mama alipata manne.

Kabla ya kuliita dimenshia

Daktari alianza na dawa, na alikuwa sahihi. Kumbe kwa miezi sita mama alikuwa akinunua mwenyewe klorfeniramini, ile dawa ya mafua na mzio, kwa sababu inamletea usingizi. Klorfeniramini, amitriptilini, baadhi ya dawa za kibofu na dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zinaweza kumtia mzee ukungu wa akili unaofanana sana na dimenshia. Mtoto anapokwenda na mzazi hospitali, abebe vyote vilivyoko kwenye droo na kando ya kitanda, vya dukani na vya kienyeji, ndani ya mfuko mmoja. Orodha ya kukumbuka kwa kichwa huacha hivyo hivyo vinavyoleta shida. Lakini usimwachishe mzazi dawa ghafla kwa uamuzi wako. Za jamii ya diazepamu zikikatwa kwa mkupuo zinaweza kuleta degedege.

Vipimo vya damu vikafuata: upungufu wa damu, sukari, figo, tezi ya thairoidi, vitamini B12. Metformini ikitumika kwa miaka mingi inaweza kushusha B12, na ya mama ilikuwa chini. Daktari hupima pia kaswende na virusi vya Ukimwi anapoona sababu, na mtoto asichukizwe. Yote mawili yanaweza kugusa ubongo, na yote mawili yana dawa.

Kuna mambo mengine matatu ambayo mtoto anaweza kuyaona kabla ya daktari. La kwanza ni masikio. Mzee asiyesikia vizuri anajibu kombo, anauliza tena, anajitenga, na watu wanasema akili imekwenda, kumbe masikio yamejaa nta au usikivu umeshuka. La pili ni sonona. Mtu mwenye sonona hulalamika sana juu ya kumbukumbu yake na hujibu "sijui" haraka bila kujaribu, wakati mwenye Alzaima mara nyingi haoni tatizo na hujaribu, akakosea. Tofauti hiyo si sheria, maana sonona inaweza pia kuwa mlango ambao dimenshia inaingilia. La tatu ni kichwa kilichogongwa. Kwa mzee, hasa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, pigo dogo linaweza kuvujisha damu taratibu juu ya ubongo, na mkanganyiko, usingizi mwingi au kuyumba vikaja wiki kadhaa baadaye, pigo likiwa limeshasahaulika. Mwulize kama alianguka, kisha waulize wanaoishi naye.

Kasi ndiyo inayoamua uharaka. Alzaima hunyemelea kwa miezi na miaka. Mzazi aliyekuwa mzima Jumatatu na Jumatano hajui alipo, anasinzia katikati ya sentensi, anaropoka usiku na kutulia asubuhi, ana dharura: maambukizi kwenye mkojo au mapafu, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, kiharusi, dawa mpya. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tayari mnajua ana dimenshia.

Chumba cha daktari

Omba uzungumze na daktari dakika chache peke yako, au mpe karatasi kabla ya kuingia. Kuusema udhaifu wa mama mbele yake ni kumvunjia heshima, na ataanza kujitetea badala ya kueleza. Karatasi iwe fupi: lini ulianza kuona, mambo matano yenye tarehe, kazi aliyoimudu na sasa haimudu, magonjwa na dawa zake.

Kipimo kifupi kinachotumika sana ni kumpa mzee maneno matatu ayashike, kisha kumwambia achore uso wa saa wenye mishale inayoonyesha saa tano na dakika kumi, halafu kumwuliza yale maneno. Mshale mfupi unatakiwa uelekee 11 na mrefu uelekee 2. Mwenye shida ya kupanga hatua huvutwa na lile neno "kumi" na kuuelekeza mshale kwenye 10. Kwa aliyesoma kipimo hiki ni kizuri. Kwa ambaye hakwenda shule, au hajawahi kushika kalamu kwa muda mrefu, mchoro mbovu hauthibitishi kitu, na hapo maelezo ya mtoto kuhusu kazi za nyumbani yana thamani kuliko alama. Mweleze daktari kiwango cha elimu cha mzazi wako, na lugha anayoizoea. Usimfundishe majibu nyumbani. Utakuwa umemnyima daktari picha.

Picha ya ubongo ya siti skani au emarai huonyesha uvimbe, damu iliyovuja, mishipa iliyoziba. Inaweza kuonyesha sehemu zilizosinyaa, lakini picha ya kawaida haiondoi Alzaima, na familia nyingi hurudi nyumbani zimefarijika mapema mno.

Yule mama aliachishwa klorfeniramini na kuanzishwa sindano za B12. Miezi mitatu baadaye usingizi wa mchana ulikuwa umeondoka, maswali ya kurudia yalipungua sana, na vidonge vilihesabika sawa. Hesabu za pesa bado zilimtatiza. Daktari aliita hali hiyo upungufu mdogo wa akili: kumbukumbu iko chini ya inavyotarajiwa kwa umri wake, lakini bado anajitegemea. Baadhi ya watu wenye hali hiyo huendelea hadi dimenshia, wengine hubaki hapo, na wengine hurudi kawaida. Hakuna anayeweza kumwambia binti huyu mama yake atakuwa kundi gani. Alipewa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, na daftari liendelee.

Namna ya kumwambia mzazi aende kupimwa inategemea uhusiano wenu, ila neno "dimenshia" silo la kuanza nalo. "Mama, umesema usingizi unakusumbua, na dawa ni nyingi, twende zikaangaliwe zote pamoja" ni kweli, na linampa sababu isiyomshushia hadhi. Akikataa, mara nyingi daktari wake wa siku zote, au rafiki wa rika lake, husikilizwa kuliko mtoto. Usibishane naye juu ya lile asilolikumbuka. Huwezi kumkumbusha kitu ambacho hakikuhifadhiwa, na atakachobaki nacho ni kwamba ulimkaripia.

Wakati huo huo, hata kabla ya jibu, yapo mambo yasiyosubiri. Dawa ziwekwe kwenye kiboksi chenye siku za wiki, kijazwe na mtu mwingine. Kwa pesa, mtu mmoja anayeaminiwa na mzazi mwenyewe awe anaona kinachotoka, kwa ridhaa yake, na ndugu wote wajue. Kama bado anaendesha gari, panda naye kama abiria na uangalie: anapotea njia anayoijua, anachelewa kuona taa, gari lina mikwaruzo mipya? Na kama kuna uamuzi kuhusu nyumba, ardhi au matibabu ambao yeye ndiye anapaswa kuufanya, afanye sasa, mbele ya mashahidi na mwanasheria, wakati bado anaweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe anachotaka na kwa nini.